Pengo kati ya Mawe Mawili

Ukiangusha mawe mawili kwa pamoja kutoka kimo kimoja, moja zito na moja jepesi, lipi litatangulia kufika chini? Wanaoulizwa swali hili hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hujibu bila kusita kwamba zito ndilo litakalotangulia, kwa sababu lina uzito wa kulishusha. Kundi la pili ni la waliolikuta swali hili darasani, nao hujibu kwamba yatafika pamoja, kwa sababu ndivyo kitabu cha fizikia kilivyosema. Katika sura hii nitatetea jibu ambalo halimfurahishi yeyote kati yao. Kumjua mshindi hakutoshi. Linaloamua mambo ni pengo: jiwe jepesi limebaki juu kiasi gani wakati zito linagusa ardhi, na pengo hilo linakuaje kimo kikiongezwa, au umbo likibadilishwa, au hewa ikiondolewa. Mtu anayetazama mshindi peke yake anaweza kuamini kosa maisha yake yote na kila siku akaona ushahidi wa kulithibitisha. Akianza kupima pengo, hawezi tena.

Tuanze na kosa lenyewe, maana lilikuwa kosa la mtu mwenye akili nyingi. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kasi ya kitu kinachoanguka inalingana na uzito wake: kikiwa kizito mara kumi, kinashuka kwa kasi mara kumi. Hakulitoa wazo hili hewani. Chota maji ya mto uliochafuka kwa mvua, uyaache kwenye glasi ya kioo, na utaona mchanga unatua chini ndani ya sekunde chache, huku tope laini likielea kwa saa nyingi kabla ya kushuka. Katika maji, chembe kubwa kweli hushuka haraka kuliko chembe ndogo, na kila moja hushuka kwa mwendo usiobadilika. Aristotle aliona dunia nzima kama glasi hiyo. Kwake hapakuwa na mahali pasipojazwa na kitu, kiwe hewa au maji, na alifika mbali zaidi ya hapo: alisema kwamba kama pangekuwa na mahali patupu kabisa, vitu vyote vingeshuka hapo kwa kasi moja, na kwa kuwa jambo hilo alilihesabu kuwa haliwezekani, akahitimisha kwamba utupu wenyewe hauwezekani. Alilishika jibu sahihi mkononi, akalitumia kama ushahidi wa upuuzi.

Sasa tupime pengo analolidai. Chukua mawe mawili, moja likiwa na uzito mara kumi ya jingine, uyaachie kutoka kimo cha mita 10. Kwa kanuni ya Aristotle, zito likigusa ardhi, jepesi litakuwa limeshuka mita moja tu. Limebakiwa na mita tisa za kushuka. Hili ni dai ambalo mtu yeyote mwenye dirisha la ghorofa ya tatu anaweza kulichunguza, na waliolichunguza hawakuona kitu kama hicho. Katika karne ya 6, Yohana Filoponi wa Aleksandria aliandika kwamba ukiangusha vitu viwili vinavyopishana sana kwa uzito, tofauti ya muda wao ni ndogo mno na hailingani hata kidogo na tofauti ya uzito. Mwaka 1586 Simon Stevin, mhandisi wa Uholanzi, alichapisha jaribio alilofanya na rafiki yake Jan Cornets de Groot: mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara kumi kuliko mwenzake, iliachiwa kutoka kimo cha futi 30 juu ya ubao. Hawakutegemea macho. Walisikiliza, na mlio wa mipira miwili kwenye ubao ulisikika kama mlio mmoja.

Kwa nini basi jiwe zito lisikimbie, ilhali dunia inalivuta kwa nguvu zaidi? Hapa ndipo wengi wanapokwama, na pingamizi lao lina haki ya kujibiwa vizuri, kwa sababu nusu yake ni kweli. Dunia hulivuta jiwe la kilo 10 kwa nguvu mara kumi ya ile inayolivutia jiwe la kilo moja. Ndiyo maana mkono unachoka. Lakini kitu kikubwa hakivutwi tu zaidi, pia ni kigumu zaidi kuanzishwa mwendo. Mkokoteni uliobeba magunia kumi unahitaji nguvu mara kumi ili uchukue kasi ileile kama mkokoteni uliobeba gunia moja, hata barabara iwe tambarare na magurudumu yawe yamepakwa grisi. Jiwe la kilo 10 ni mkokoteni wa magunia kumi uliopewa wasukumaji kumi. Jiwe la kilo moja lina gunia moja na msukumaji mmoja. Nguvu ya ziada yote inaishia kwenye kazi ya ziada, na hakuna kinachobaki cha kuongeza kasi. Kwa hiyo, penye mvutano wa dunia peke yake, kila jiwe huongeza kasi kwa kiwango kimoja: Dar es Salaam ni karibu mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde, na karibu na ncha za dunia ni kama 9.83. Kiwango hiki hubadilika kidogo kwa mahali, lakini mahali pamoja hakibadiliki kwa jiwe.

Galileo Galilei alilitetea jambo hili kwa hoja isiyohitaji mnara. Tuseme zito hushuka haraka kuliko jepesi. Yafunge mawe yote mawili kwa kamba. Jepesi, kwa kuwa linachelewa, litalivuta zito nyuma, na mawe yaliyofungwa yatashuka polepole kuliko zito likiwa peke yake. Lakini mawe hayo mawili kwa pamoja ni mazito kuliko lile zito, kwa hiyo yangepaswa kushuka haraka zaidi. Dai moja limezaa majibu mawili yanayopingana. Hoja hii ni nzuri sana, na wengi huishia hapo wakidhani kesi imefungwa. Mimi naona imefunga sehemu tu. Inaonyesha kwamba uzito peke yake hauwezi kuwa chanzo cha kasi, hasa kwa mawe ya aina moja: matofali mawili yanayoshuka sambamba hayatabadilisha mwendo kwa sababu tu mtu ameyagandisha kwa saruji. Haionyeshi kwamba chuma na mbao lazima vishuke sawa. Huenda dunia ingependelea aina fulani ya mata, na hakuna kamba wala hoja itakayotuambia. Hilo litabaki kwa vipimo, na nitalirudia mwishoni. Tena hoja hii haisemi lolote kuhusu hewa, na hewani mawe yaliyogandishwa pamoja kweli hushuka haraka kidogo kuliko jiwe dogo likiwa peke yake.

Maneno hayo ya mwisho huwashtua waliofundishwa kwamba vitu vyote hufika pamoja. Lakini tukiwa wakweli kwa ushahidi ni lazima tuyaseme: katika hewa tunayoishi ndani yake, mawe mawili ya aina moja na ya umbo moja hayafiki pamoja, na linalotangulia ni lile zito. Sababu ni kwamba hewa hutoza kila kinachopita ndani yake, na haitozi kwa uzito. Inatoza kwa upana wa uso unaoikabili na kwa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Jiwe lililosimama halitozwi chochote. Kadiri linavyoshika kasi, ukinzani unakua mpaka, likipewa kimo cha kutosha, unalingana na uzito wa jiwe lenyewe. Hapo jiwe haliongezi kasi tena. Linashuka kwa mwendo mmoja hadi chini, na mwendo huo huitwa kasi ya kikomo.

Tuchukue mawe mawili ya graniti yaliyoviringika, moja la kipenyo cha sentimita 10, linalojaa kiganja, na kokoto ya kipenyo cha sentimita moja. Graniti ina uzito wa kama kilo 2,700 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jiwe kubwa lina kilo 1.4 na kokoto ina gramu 1.4. Uzito unapishana mara 1,000. Uso unaokabili hewa, hata hivyo, unapishana mara 100 tu, kwa sababu uso hukua kwa urefu na upana peke yake, wakati uzito hukua kwa urefu, upana na kina. Kokoto basi, kwa kila gramu yake, inabeba uso mara kumi zaidi ya jiwe kubwa. Hilo ndilo linaloilemea. Kwa hesabu ya kawaida ya kitu cha mviringo katika hewa ya usawa wa bahari, kasi ya kikomo ya kokoto hiyo ni kama mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, na ya jiwe kubwa ni karibu mita 79 kwa sekunde.

Tuyaachie kwanza kutoka mita 5, kimo cha dirisha la ghorofa ya kwanza. Bila hewa yote mawili yangetumia sekunde 1.011. Ndani ya hewa jiwe kubwa linatumia 1.012 na kokoto 1.024. Jiwe kubwa likigusa ardhi, kokoto imebaki juu kama sentimita 11. Tukumbuke kwamba mawe hayo yanapishana uzito mara elfu moja, na kwamba kwa kanuni ya Aristotle kokoto ingekuwa imeshuka nusu sentimita tu kutoka dirishani. Sasa tupande hadi mita 50. Bila hewa muda ni sekunde 3.20 kwa yote mawili. Ndani ya hewa jiwe kubwa linachukua 3.24, na kokoto 3.63; jiwe kubwa linapotua, kokoto ina zaidi ya mita 8 za kushuka. Kimo kimeongezeka mara kumi, lakini pengo limeongezeka zaidi ya mara 70. Huu ndio mwenendo wa kitu kinachotozwa kulingana na kasi yake. Mwanzoni, wakati mawe bado yana mwendo mdogo, pengo ni kama halipo. Linapanuka baadaye, kokoto inapokaribia kikomo chake huku jiwe kubwa likiendelea kuchapuka. Kama mvutano wa dunia ndio ungekuwa unapendelea jiwe zito, pengo lingeonekana tangu hatua ya kwanza, na lingekua kwa uwiano uleule wa kimo. Mawe halisi hayana umbo la mviringo kamili, na jiwe lenye kingo hupata ukinzani mkubwa zaidi ya huu, kwa hiyo tarakimu zangu zichukuliwe kama makadirio mazuri tu. Lakini mwenendo wa pengo haubadiliki.

Mtu atapinga: kama zito hutangulia hewani, na sisi sote tunaishi hewani, je, si kweli basi kwamba kizito huanguka haraka, na mengine yote ni ya maabara? Jibu ni kwamba hata hewani uzito si kanuni. Mtu wa kilo 80 aliyefungua mwavuli wa parachuti hushuka kwa mita 5 hivi kwa sekunde, wakati kokoto yetu ya gramu 1.4 ikishuka kwa 25. Mwenye uzito mara elfu hamsini na zaidi anaachwa mbali na kijiwe, kwa sababu amebeba uso mkubwa mno kwa uzito wake. Chukua karatasi mbili zinazolingana, moja uifinye iwe kidonge kigumu na nyingine uiache kama ilivyo, kisha ziachie pamoja: uzito ni uleule, na bado moja inatua wakati nyingine inayumba kifuani pako. Kanuni inayosema kizito hushinda inavunjika hapa mara mbili, upande mmoja kwa vitu vinavyopishana uzito na upande wa pili kwa vinavyolingana. Kanuni inayosema hewa hutoza uso na kasi, na kwamba kitu hulipa kutoka kwenye uzito wake, haivunjiki popote.

Galileo aliliona jambo hili vizuri kuliko wengi wanaomtaja leo. Kisa cha yeye kusimama juu ya mnara ulioinama wa Pisa na kuangusha mipira mbele ya umati kinatokana na mwanafunzi wake Viviani, aliyeandika baada ya mwalimu wake kufariki, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1638 juu ya sayansi mbili mpya, Galileo hakudai kwamba mipira hufika pamoja kabisa. Alisema kwamba ukiangusha mpira wa chuma wa ratili 100 na mwingine wa ratili moja kutoka dhiraa 100, mkubwa hutangulia kwa upana wa vidole viwili, kisha akamtaka mpinzani wake asizifiche dhiraa 99 za Aristotle nyuma ya vidole hivyo viwili. Mtindo wa hoja ni huuhuu ninaoutetea: usiulize nani katangulia, uliza kwa kiasi gani. Kipimo chake, hata hivyo, kilikuwa kidogo mno. Hesabu ya leo kwa mipira hiyo, kutoka kimo hicho cha takribani mita 58, inatoa pengo la kama mita moja. Giovanni Battista Riccioli, padre Mjesuiti aliyeangusha mipira kutoka mnara wa Asinelli mjini Bologna na kuchapisha matokeo yake mwaka 1651, alipata mapengo ya futi kadhaa kati ya mipira ya ukubwa mmoja na uzito tofauti, na hakuyaficha. Nadhani Riccioli anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa, kwa sababu alipima kile ambacho wengine walikuwa wakibishania.

Anayetaka kujaribu mwenyewe atakutana na tatizo ambalo halina uhusiano na hewa wala dunia: mikono yake. Ukishika jiwe la kilo tatu mkono mmoja na kijiwe mkono wa pili, misuli inayolishika zito imekazana zaidi, na unapoamua kuachia, vidole vyake vinachelewa kufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde bila wewe kujua. Kijiwe huonekana kimetangulia mwanzoni. Galileo kijana aliliandika jambo hili kana kwamba ni tabia ya vitu vyepesi, na ni katika karne ya 20 tu ambapo watu waliorudia jaribio lake mbele ya kamera waligundua kwamba mkono ndio uliokuwa ukidanganya. Njia rahisi ya kuukwepa ni kuyapanga mawe yote mawili kwenye ukingo wa ubao mmoja, kisha kuuinamisha ubao ghafla, au kuyasukuma kwa rula moja ndefu yaondoke pamoja. Chini weka bati, kwa sababu sikio hutenganisha milio miwili vizuri kuliko jicho linavyotenganisha mawe mawili yanayopita. Simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde itasaidia pia: jiwe lenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde husogea kama sentimita 4 kati ya picha moja na inayofuata, kwa hiyo pengo la sentimita 11 litaonekana wazi, na kuchelewa kwa kidole kutaonekana juu kabisa kabla mawe hayajashika kasi. Pengo likiwa kubwa tangu picha za mwanzo na lisibadilike sana baadaye, ni mkono. Likianza na sifuri na kupanuka kuelekea chini, ni hewa.

Ili kuitenga hewa kabisa inabidi kuiondoa. Wapo wanaoweka kipande cha karatasi juu ya kitabu kipana na kukiangusha kitabu, karatasi ikashuka nacho bila kubaki nyuma. Jaribio hili ni zuri kama mwanzo, lakini mpinzani makini atasema hewa iliyo nyuma ya kitabu inainyonya karatasi chini, na hawezi kupuuzwa, kwa sababu jambo hilo lina sehemu yake. Ushahidi safi ulipatikana pampu za kufyonza hewa zilipotengenezwa katika karne ya 17: sarafu na unyoya vikiwa ndani ya bomba refu la kioo lisilo na hewa, ukiligeuza bomba, vyote viwili hugonga chini kwa pamoja; ukiruhusu hewa irudi, unyoya unaanza tena kuyumba. Sarafu haikubadilishwa, unyoya haukubadilishwa, wala dunia. Kilichotoka na kurudi ni hewa peke yake, na pengo lilitoka na kurudi pamoja nayo. Jaribio lenyewe kwa kipimo kikubwa lilipigwa picha mwaka 2014 huko Ohio, Marekani, ndani ya chumba cha shirika la anga za juu la NASA chenye urefu wa zaidi ya mita 36, ambamo mpira mzito wa kuchezea na manyoya viliachiwa kutoka juu na kutua pamoja.

Swali linalofuata hapa hujirudia sana kwa wanafunzi: mahali pasipo na hewa, vitu si huelea? Ikiwa hakuna hewa, mvutano unatoka wapi? Hewa na mvutano ni mambo mawili yasiyotegemeana. Hewa haisukumi vitu chini. Dunia ndiyo inayovivuta, na inavivuta ndani ya bomba tupu kama inavyovivuta nje. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja kuizunguka dunia, si kwa sababu wamekosa hewa. Tarehe 2 Agosti 1971, kwenye uso wa Mwezi, David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama mbele ya kamera akiwa na nyundo ya kilo 1.32 mkono mmoja na unyoya wa gramu 30 hivi mkono wa pili, akaviachia kutoka kimo cha kama mita 1.6. Mwezi hauna hewa ya kuhesabika, lakini una mvutano, sehemu moja ya sita ya ule wa dunia. Nyundo na unyoya havikuelea. Vilianguka, vikatumia kama sekunde 1.4, na vikatua pamoja kwenye vumbi. Kushuka huko kulikuwa kwa polepole kiasi kwamba jicho linaweza kufuata, na ukiitazama filamu hiyo utaona unyoya ukishuka moja kwa moja, bila kupepea.

Pingamizi jingine huletwa na wanaoujua mwendo vizuri zaidi. Mvutano ni wa pande mbili: dunia inalivuta jiwe, na jiwe linaivuta dunia. Jiwe zito huivuta dunia kwa nguvu zaidi, dunia inapanda zaidi kulilaki, na hivyo muda unafupika. Kimsingi ni kweli, na anayelisema hili anastahili hesabu badala ya kukatishwa maneno. Dunia ina kilo 6,000,000,000,000,000,000,000,000. Jiwe letu la kilo 1.4 likianguka mita 5, dunia inapanda kwa umbali ambao ni karibu mara milioni elfu ndogo kuliko kiini cha atomu. Hakuna chombo kitakachouona. Tena hata umbali huo haupo kwenye jaribio letu, kwa sababu mawe yakiachiwa kwa wakati mmoja, ardhi inayopanda inayapandia yote mawili.

Linabaki lile swali lililoachwa na hoja ya kamba: je, huenda dunia inapendelea aina fulani ya mata kuliko nyingine, kwa kiasi kidogo sana kiasi kwamba bomba la kioo na nyundo ya Mwezini havikuweza kukionyesha? Swali hili halijaachwa, kwa sababu nadharia ya Einstein juu ya mvutano inasimama juu ya dai kwamba upendeleo huo haupo kabisa. Mwezi Aprili 2016 shirika la anga za juu la Ufaransa lilirusha satelaiti iitwayo MICROSCOPE, yenye mapipa madogo mawili, moja ndani ya jingine: moja la mchanganyiko wa platini, metali nzito sana, na jingine la mchanganyiko wa titani, metali nyepesi. Katika mzingo wao wa kilomita 700 na kitu juu ya ardhi, mapipa hayo yalikuwa yakianguka bila kukoma, si kwa sekunde tatu kama kwenye mnara bali kwa miezi, huku vipimo vya umeme vikichunguza kama moja linataka kulitangulia jingine. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2022. Hakuna lililotangulia, kwa usahihi wa sehemu chache katika 1,000,000,000,000,000. Tofauti yoyote kati ya platini na titani, ikiwa ipo, ni ndogo kuliko hapo, na vyombo vya kuitafuta kwa usahihi zaidi vinaendelea kubuniwa, kwa sababu zipo nadharia zinazotabiri kwamba mahali fulani chini ya kiwango hicho pengo litaonekana.